Ujumbe wa mwisho usioacha mlango wazi

Juma hili tunaleta neno lililotufikia katika mwezi wa 5, siku ya posho, tulipokuwa tumekaa kwenye likelemba yetu. Tumengoja mpaka leo kulieleza, kwa sababu tulitaka kuona mwisho wake na kupata ruhusa ya wenye neno. Majina hatutayataja.

Siku ile pesa zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa. Mwenzetu aliyepokea zamu yake hakuinuka kwenda. Alifungua kitambaa chake, akatoa simu ya binti yake, akaiweka juu ya meza. Alisema binti amekubali tusome ujumbe ulioandikwa mule, kwa sababu wao wawili wameshindwa kuelewana juu yake.

Ujumbe ulikuwa haujatumwa. Binti ana miaka 24, anashona nguo hapa Bukavu. Kwa miaka mitatu alikuwa na mpenzi, kijana mwenye adabu ambaye mwaka uliopita alienda Kolwezi kutafuta kazi, na sasa anaendesha lori kati ya Kolwezi na Lubumbashi. Kijana hakumkosea. Hakumpiga wala hakumdanganya, na kila mwezi alimtumia mayunite bila kuombwa. Ni moyo wa binti tu uliotoka. Mara mbili alijaribu kumwambia, na mara mbili mambo yalirudi palepale.

Mama yake alitueleza yeye anachotaka. "Namwambia amwandikie vizuri, asimfungie mtoto wa watu mlango. Kesho hatuijui." Binti alitaka kufunga. Na kijana, upande wake, alikuwa anaweka akiba ya mahari. Alikuwa amekwisha kuandika kwamba katika mwezi wa 8 wajomba zake watakuja kujitambulisha.

Tulipohesabu tuliona miezi mitatu tu imebaki. Kijana anayelala ndani ya lori ili asilipe nyumba, akiweka dola kumi huku na dola ishirini kule juu ya mwanamke ambaye hatamwoa, anapoteza kitu ambacho hakuna mtu atamrudishia. Kwa hiyo tuliacha mambo mengine ya mkutano, tukasoma.

Ujumbe wa kwanza

Hivi ndivyo binti alivyokuwa ameandika, kwa msaada wa mama yake:

"Sheri, natumaini uko salama. Nimefikiri sana. Naona kwa sasa ni vizuri tupumzike kwanza. Siko tayari bado kwa ndoa, na wewe uko mbali sana. Kama ungekuwa hapa, labda mambo yangekuwa tofauti. Usikasirike, unisamehe. Tubaki marafiki, tuendelee kuongea, na tumwachie Mungu, Yeye ndiye anajua kesho. Tutaongea."

Mmoja wetu aliusoma kwa sauti. Alipomaliza, mama mzee wa kundi letu aliuliza: "Sasa, wameachana ao hawajaachana?" Tulicheka, lakini hakuna aliyeweza kumjibu. Hata mama wa binti alinyamaza.

Basi tulichukua ujumbe ule neno kwa neno, tukijiuliza kijana ataelewa nini akiusoma usiku, peke yake, akiwa bado anapenda. Mtu anayependa hasomi sawa na sisi. Anatafuta neno moja la kushikilia, na akilipata anaacha yale mengine yote.

Tulianza na maneno matatu madogo: "kwa sasa", "kwanza" na "bado". Sisi tunayasema kila saa ili kupunguza ukali. Mteja akikuuliza sambaza nawe huna, unamwambia "bado", hata kama unajua leo hazitafika. Lakini kwa mtu anayengoja, "bado" maana yake "zinakuja". "Siko tayari bado" inamwambia angoje. "Tupumzike kwanza" inamwambia kwamba kisha kupumzika kuna kazi itakayoendelea. Binti alidhani ameandika hapana ya upole, kumbe ameandika ndiyo ya baadaye.

Kisha tulifika kwenye sababu, na hapo binti mwenyewe, ambaye tulikuwa tumemwita aketi nasi, alitufungulia macho. Mara ya kwanza alipojaribu kuachana alimwambia kijana kwamba umbali umekuwa mzito. Siku mbili baadaye kijana alimjibu kwa furaha: amezungumza na patron wake, ataacha kazi mwisho wa mwezi, atarudi Bukavu hata kama ni kubeba mizigo bandarini. Binti aliogopa, akamwomba asiache kazi, na kijana akaona kwamba anapendwa. Mara ya pili alimwambia kwamba hana amani na jamaa yake. Juma lililofuata mama wa kijana alifika nyumbani na mfuko wa maharagi, akaketi saa mbili akiongea kwa upole. Tena binti hakuweza kusema kitu.

Mnaona kilichotokea. Kila mara alipotoa sababu inayoweza kutengenezwa, kijana aliitengeneza. Hakuwa mjinga. Alifanya kile ambacho mtu mwenye bidii hufanya akiambiwa tatizo. Aliyempa kazi ile ni binti, kwa kuona haya kusema sababu ya kweli, ambayo ni kwamba hampendi tena kwa mapenzi ya ndoa. Sababu hiyo haina dawa, na kwa hiyo ndiyo peke yake inayomaliza mazungumzo. "Kama ungekuwa hapa" ni mbaya zaidi, kwa sababu inamwonyesha mpaka barabara ya kurudi.

"Tubaki marafiki" ilituletea ubishi. Mmoja wetu alisema si vizuri kuachana kama maadui. Tulikubaliana naye, lakini kutokuwa maadui si sawa na kuendelea kuongea kila usiku. Urafiki unaweza kuja siku moja, wakati kila mtu ana nyumba yake, na hautahitaji kuahidiwa. Ukiahidiwa ndani ya ujumbe wa kuachana, aliyeachwa anaushika kama kiti cha kungojea.

"Tumwachie Mungu" ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu sisi wote tunasali. Lakini mama mzee alisema wazi kwamba hapa jina la Mungu limewekwa ili binti asibebe uamuzi wake mwenyewe. Kijana akiambiwa kwamba Mungu ndiye anajua kesho, ataanza kufunga na kuomba ili Mungu ageuze moyo wa binti. Uamuzi ni wa binti, basi auandike kama wake.

Hata lile la kufungua, "Sheri", tuliliondoa. Mtu hawezi kumwita mwenzake sheri katika mstari wa kwanza na kumwambia kwaheri katika wa mwisho. Amwite kwa jina lake tu, kama anavyoitwa na watu wote.

Dola hamsini za mama

Hapo tulidhani tumemaliza, tukataka kuandika upya. Lakini binti aliuliza: "Mama, mbona wewe hutaki nifunge?" Mama yake alianza kulia.

Mwaka uliopita, kabla ya kwenda Kolwezi, kijana alimpa dola 50 ili aongeze kwenye biashara yake ya sambaza pale soko la Kadutu. Beseni moja lilikuwa limekuwa mawili. Hakumwambia binti. Kijana hakumdai kamwe, na mama hakujua kama pesa ile ilikuwa zawadi, mkopo, ao mwanzo wa mahari. Kila mara binti alipotaja kuachana, mama aliona beseni lake la pili.

Hatukumlaumu, kwa sababu wengi wetu tuna kitu cha namna hiyo. Kuna aliyepewa kitenge siku ya sikukuu, kuna ambaye mchumba wa binti alimlipia mtoto mdogo minervali. Tunavipokea kwa moyo mzuri, kisha vinatufunga kinywa. Tunasema "kesho hatuijui", na kweli tunasema juu ya deni letu.

Ndiyo sababu tunawaambia wamama: kabla binti hajaandika neno la mwisho, mumuulize na mjiulize kitu gani cha kijana kiko ndani ya nyumba. Kile alichotoa kama zawadi kwa kumpendeza mtu, kama nguo ao viatu, kwa kawaida hakirudi, na kukirudisha kinaweza kuwa tusi. Kile kilichokopeshwa, kilichowekwa ili kitunzwe, ao kilichotolewa kwa kutazamia ndoa, kirudi chote, mara moja, siku ileile. Msirudishe kidogo kidogo. Dola kumi kila mwezi ni simu moja kila mwezi, na kila simu ni "uko aje?", na kila "uko aje?" inafungua upya.

Mwenzetu alikuwa na zamu ya likelemba mkononi. Alitenga dola 50 mbele yetu.

Ujumbe tulioandika pamoja

Binti ndiye aliyeandika. Sisi tulikuwa tunamuuliza tu kila mstari: hili ni kweli? Hili linamwambia angoje? Ujumbe ulitoka hivi, bila jina:

"Jambo. Nakuandikia neno zito, ninaomba ulisome mpaka mwisho. Nimeamua kumaliza uhusiano wetu. Sitakuwa mke wako, na ninaomba wajomba zako wasije katika mwezi wa 8. Hukunikosea. Mapenzi ya ndoa yamekwisha moyoni mwangu, na hakuna kitu unachoweza kufanya ao kubadilisha ili yarudi. Nilipaswa kukuambia hivi wazi mara ya kwanza, badala ya kutaja umbali na jamaa yako. Najua litakuumiza. Ulinitendea kwa heshima kwa miaka yote mitatu, na ulilala nasi hospitalini wakati baba alikuwa mgonjwa. Hilo sitalisahau. Dola 50 ulizompa mama zitafika leo kwenye simu yako. Kisha ujumbe huu sitakuandikia wala kukupigia tena, na ninakuomba nawe ufanye vilevile. Nakutakia safari salama barabarani na maisha mema. Kwaheri."

Tuangalie kwa nini umekaa hivyo. Neno lenyewe, "nimeamua kumaliza uhusiano wetu", liko juu kabisa. Ukianza na sifa nyingi, msomaji anafurahi, kisha anaangushwa. Na "nimeamua" si sawa na "naona" wala "nafikiri". Anayefikiri anaweza kusaidiwa kufikiri tena. Aliyeamua amekwisha kutoka njiani.

Kuhusu wajomba aliandika wazi kwa sababu kuna watu wengine watakaosafiri na kutumia pesa juu ya neno hili. Kama kuna tarehe, safari, nguo ya kushonwa ao chumba kilicholipiwa, kitajwe, ili mtu asiseme kwamba hakujua kama na hicho kimekwisha.

Jambo jema alilolitaja ni moja, na ni kweli: hospitalini. Binti alikuwa ameweka matano. Tulimwomba achague lile ambalo hata akiwa mzee atalikumbuka. Jema moja la kweli linampa kijana heshima yake. Mema matano yanamfanya aulize: basi unaniacha kwa nini?

"Unisamehe" tuliiondoa. Si kwamba kuomba msamaha ni vibaya, lakini msamaha unaombwa ili ujibiwe, na ujumbe huu haungoji jibu. Kosa lake la kweli, lile la kutaja sababu za uongo, alilikubali kwa mstari mmoja, na kisha akaandika "najua litakuumiza". Hakumwomba kijana amfariji.

Mwishoni hakuandika "tutaonana" wala "tutaongea". Sisi tukiachana sokoni tunasema hivyo hata kwa mtu tunayemjua kidogo, na hakuna ubaya. Hapa ni ubaya. "Kwaheri" peke yake ilitosha.

Kutuma, na siku zilizofuata

Binti alitaka kutuma usiku uleule. Tulimzuia. Kijana alikuwa barabarani na mzigo, na mtu hapewi neno kama hilo akiwa na usukani. Alituma siku ya yenga, saa tisa ya mchana, kwa sababu siku hiyo kijana hupumzika Kolwezi na ndugu yake mkubwa yuko naye nyumbani. Alituma kwa maandishi, si kwa sauti. Sauti inatetemeka, na mwenye kupenda anaisikiliza mara kumi akitafuta kilio ndani yake. Tena aliutuma mzima, mara moja, bila kuufuta na kuurudisha. Ujumbe uliofutwa unamwambia mtu kwamba aliyetuma amejuta.

Kama wangekuwa wote wawili hapa mjini, tungemshauri amwambie kwanza uso kwa uso, mchana, mahali penye watu lakini pasipo na kelele, kisha maandishi yafuate siku ileile. Miaka mitatu inastahili kikao. Lakini kati ya Bukavu na Kolwezi hakuna kikao, na kwa simu walikuwa wamejaribu. Simu ile iliisha wote wakilia na kuambiana "tutaongea kesho".

Kijana alijibu kisha saa moja. Aliuliza kama kuna mwanaume mwingine. Kisha aliuliza tena amekosea wapi. Kisha alituma sauti ya dakika nne. Binti alimletea mama yake simu, akamwambia: "Nikiisikiliza hii, nitarudi." Hakuisikiliza usiku ule. Asubuhi aliandika mara moja tu: "Nimesoma maneno yako. Hakuna mwanaume mwingine, na hukukosea. Niliyoandika jana ndiyo mwisho. Kwaheri."

Jibu moja ni haki, hasa kama kuna swali ambalo likibaki litamtesa mtu bure. Hakuwa na mwanaume mwingine, ndiyo maana aliandika hivyo. Kama angekuwa naye, asingeandika uongo. Angeacha swali lile, akaandika tu kwamba uamuzi umekwisha. Lakini jibu la pili halipo. Ukijibu ujumbe wa kumi na mbili kisha kunyamaza kwa kumi na mmoja, umemfundisha mtu kwamba kumi na mbili ndiyo bei ya jibu.

Aliandika kwa siku tisa. Siku ya nne binti alizuia namba yake kwenye WhatsApp. Aliogopa kwamba ni tusi, lakini alikuwa amekwisha kusema kwamba hataandika tena, basi kuzuia kulikuwa kutimiza neno lake. Aliondoa pia picha yao ya pamoja. Hakuweka maneno yoyote kwenye statu yake, hata mstari wa Biblia. Mstari uliowekwa usiku ule, kila mtu angejua unamhusu nani, na yeye wa kwanza. Ndugu mkubwa wa kijana ndiye aliyetuandikia kwamba pesa imefika. Alisema kijana analala vibaya lakini anafanya kazi.

Sehemu yetu sisi wamama

Binti alifunga mlango, lakini nyumba yetu ina milango mingine, na funguo ziko kwetu. Juma la pili kijana alimpigia mama, si kumwomba kitu, kumsalimia tu: "Mama, uko aje? Sambaza zinaendelea?" Mama alikuwa amezoea kumwita "mkwe". Alijua kwamba akisema "tuko, mkwe wangu", binti atakuwa ameandika bure. Alimjibu: "Niko salama, mwanangu. Neno la binti yangu ni lake na mimi ninalifuata. Usinipigie tena juu ya hilo. Mungu akulinde barabarani." Alituambia kwamba mkono ulitetemeka.

Tunaomba wamama waangalie hapo. Tusitume shangazi kwenda kuuliza kama kijana bado analia. Tusipokee salamu za sikukuu na kuzifikisha. Tusimwambie jirani kwamba watoto "wamegombana tu". Na tusimsifu kijana mpya mbele ya watu ili habari ifike Kolwezi. Hiyo ni kumchapa mtu aliyekwisha kuanguka.

Kuna bei tuliyolipa, na hatuifichi. Mama wa kijana alipita mbele ya meza ya mwenzetu sokoni majuma matatu bila kumtazama. Sasa anasalimia, lakini hanunui. Mwenzetu anajibu salamu, hamkimbilii kueleza. Beseni la pili limerudi kuwa moja mpaka zamu nyingine ya likelemba.

Wakati ujumbe kama huu hautoshi

Ujumbe huu unafaa kwa watu wawili ambao hawajaunganishwa na kitu kingine ila mapenzi, na ambao hawaogopani. Kuna hali tatu ambazo tunaomba msiunakili.

Ya kwanza ni kama mahari ao sehemu yake imekwisha kutolewa. Hapo jamaa mbili zimeingia, na binti anaweza kumwandikia kijana, lakini wazee wanapaswa kukutana na kumaliza neno la mali kulingana na desturi yao, bila kungoja. Binti asitishwe kwamba ni lazima aolewe. Sheria ya Jamaa ya inchi yetu, ile ya 1987 iliyorekebishwa katika 2016, inauona uchumba kuwa ahadi ya ndoa, lakini haimlazimishi mtu kuoa ao kuolewa, na ndoa yenyewe inahitaji kila mmoja akubali kwa mdomo wake.

Ya pili ni kama kuna mtoto. Mapenzi yanaweza kupewa kwaheri, lakini ubaba haupewi. Mstari wa "sitakuandikia tena" hauwezi kukaa mule. Badala yake aandike kwamba kuanzia sasa wataongea juu ya mtoto tu: shule, ugonjwa, chakula, na siku ambazo baba atamwona. Kijana akianza "na sisi je?", binti ajibu lile la mtoto, aache lile lingine.

Ya tatu ni kama mwanaume amewahi kumpiga, kumtisha, ao anatembea na silaha. Huyo hatafutiwi maneno ya amani. Binti kwanza atoke mahali anapoweza kupatikana peke yake, watu wawili ao watatu wa kuaminika wajue, vitu vyake na kartasi zake ziwe mkononi. Kisha neno liwe fupi, bila sifa na bila miadi ya kukutana "mara ya mwisho". Vitisho vyote atakavyotumiwa avitunze kwenye simu, asivifute, kwa sababu vinaweza kuhitajika mbele ya wenye mamlaka.

Sasa tuko katika mwezi wa 8. Hakuna wajomba waliokuja, na hakuna aliyewangoja. Juma lililopita binti alileta kwenye mkutano nguo tatu alizotushonea. Mmoja wetu alimuuliza kama amesikia habari za Kolwezi. Alisema hapana, akaomba tumlipie nguo, kwa sababu motari alikuwa anamngoja inje.

Kwenu ninyi, wamama, hatusemi kwaheri. Tutaonana juma lijalo, kwenye ukurasa huuhuu.